Simu ikijaa hela, mzigo hauondoki Kariakoo

Mteja yuko Tunduma, mzigo wa vitenge umeshafungwa Mtaa wa Kongo na basi linaondoka jioni. Anatuma hela, inagoma. Anajaribu tena, inagoma. Anapiga simu kulalamika, naye muuzaji anamwambia mtandao unasumbua leo. Kumbe mtandao hauna shida yoyote. Akaunti ya muuzaji imejaa.

Jambo hili huwapata watu Kariakoo hasa siku za mauzo makubwa, na wengi hupoteza muda wakizima simu na kuiwasha, kwa sababu ujumbe wa kukataliwa humfikia anayetuma. Anayepaswa kupokea mara nyingi haoni kitu.

Kila akaunti ya fedha kwenye simu nchini ina vikomo viwili vinavyotofautiana, na vikichanganywa tatizo halieleweki. Kimoja ni cha salio, yaani hela unazoruhusiwa kuwa nazo ndani ya akaunti. Kingine ni cha miamala, yaani kiasi kinachoruhusiwa kupita kwa siku. Mei 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ya Tanzania ilipandisha vyote viwili kwa wateja wa kampuni za simu ili watu wapunguze kushikana noti: miamala ya siku ikatoka Sh milioni 3 hadi milioni 5, salio likatoka milioni 5 hadi milioni 10.

Turudi kwa yule muuza vitenge, tuseme akaunti yake ina kikomo hicho cha milioni 10. Tangu asubuhi wateja kadhaa wa mikoani wamemlipa na salio limefika Sh 8,400,000. Wa Tunduma anatuma milioni 2. Mfumo unajumlisha kwanza kabla ya kupokea, unaona jumla itakuwa Sh 10,400,000, imezidi kwa laki nne, basi unakataa muamala wote. Hauchukui milioni moja na laki sita zinazoenea na kurudisha zilizobaki. Ndiyo maana dakika hiyohiyo mteja mwingine anaweza kumtumia laki mbili zikaingia vizuri, na hapo ndipo watu huapa kwamba tatizo ni la mteja wa Tunduma.

Dawa ya haraka ni kupunguza salio: atoe kwa wakala, amlipe mwenye duka la jumla, au ahamishie benki angalau laki nne, kisha mteja atume upya. Lakini hapa kikomo cha pili kinangoja. Kama tangu asubuhi ameshalipa watu hadi akamaliza kiwango cha miamala cha siku, hata kutoa hawezi. Hela anaiona, ila hawezi kupokea ile milioni 2 wala kuisogeza iliyopo mpaka siku ibadilike. Kwa mfanyabiashara anayezungusha mtaji kila siku, huo ni usiku mzima wa mtaji uliolala.

Dalili zinatofautiana, na ukizijua hutapanga foleni bure. Kiasi kidogo kikiingia na kikubwa kikagoma, salio limekaribia ukingo. Ukipokea vizuri lakini ukashindwa kutuma, angalia miamala ya siku. Kama hata Sh 1,000 haiingii na akaunti ni tupu, hapo suala si kujaa. Laini ina kasoro ya usajili au akaunti imefungiwa, na ni kituo cha huduma cha kampuni ndicho kitakachosema. Hela ikitoka benki na isionekane kwenye simu, usimwambie mteja atume mara ya pili. Mwombe namba ya muamala, kwa sababu fedha iliyokataliwa hurudi ilikotoka, ila kwa benki inaweza kuchelewa.

Dawa ya kudumu ni kupanda daraja la akaunti, ili vikomo vyenyewe viongezeke. Madaraja hayo yamewekwa na Kanuni za Fedha za Kielektroniki za mwaka 2015, na mantiki yake ni moja: kadiri kampuni inavyokufahamu zaidi, ndivyo inavyoruhusiwa kukubebea fedha nyingi zaidi. Chini kabisa yupo anayefahamika kwa namba yake ya simu tu. Juu yake yupo mtu aliyehakikiwa kwa kitambulisho. Juu zaidi ipo biashara iliyothibitishwa kuwa biashara.

Kwa mtu binafsi, uhakiki ni namba ya NIDA yenye tarakimu 20 na alama za vidole, utaratibu ulioanza Mei 2019. Unakwenda dukani kwa kampuni yako au kwa wakala mwenye mashine ya vidole, unataja namba, unaweka kidole, na mfumo unalinganisha na kumbukumbu za NIDA. Nakala ya kitambulisho peke yake haitoshi, na mtu mwingine hawezi kukuwekea kidole.

Hapo ndipo wamachinga wengi wanakwama. Laini ya biashara ilisajiliwa kwa kidole cha shemeji, cha mpangaji mwenza au cha bosi wa zamani, enzi NIDA yake mwenyewe haijatoka. Kidole chake hakitalingana na jina lililopo, kwa hiyo umiliki lazima ubadilishwe kwanza, na mwenye jina awepo. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Kama namba unayoitangaza kwa wateja haimo, hela zote zilizomo kwa karatasi ni za mtu mwingine. Akifariki au mkigombana, utadai kwa ushahidi gani?

Daraja la biashara linataka zaidi: namba ya mlipakodi kutoka TRA, leseni ya biashara, kitambulisho cha mmiliki, na kama ni kampuni, cheti cha usajili cha BRELA. Ukikubaliwa unapewa namba ya malipo, ile inayobandikwa mlangoni, na mauzo yanaingia kwenye akaunti ya biashara badala ya pochi yako binafsi. Nyaraka hupitiwa kwanza, kwa hiyo usianze ombi siku mzigo uko stendi. Na mwambie mtu wa kampuni kiasi unachopokea kwa siku ya soko, umuulize kikomo cha akaunti unayopewa kabla hujasaini.

Wengi wanakwepa hatua hiyo kwa kuiogopa TRA, na hofu hiyo haikutoka hewani. Mei 2023 Kariakoo ilifunga maduka kwa malalamiko ya kodi. Badala yake mtu anashika laini tatu au nne kwa majina ya ndugu. Siwalaumu, ila naona wanajiweka pabaya. Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kimataifa kwa udhaifu wa kuzuia fedha haramu kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025, na fedha nyingi kupita kwenye laini za watu wasiozitumia ni jambo ambalo kampuni inawajibika kulichunguza. Akaunti ikifungiwa kwa uchunguzi, hakuna wa kujitetea kwa jina lisilo lake.

Jihadhari pia na anayekupigia akidai ni wa huduma kwa wateja, anataka "kukuongezea kikomo" ukimtajia namba ya siri. Kupanda daraja hakuhitaji namba ya siri hata mara moja. Kata simu, kisha itume namba yake kwenye 15040.

Kampuni za simu nazo zina deni. Zinatuma ujumbe wa bahati nasibu kila asubuhi, basi ziweze pia kumtumia mteja ujumbe salio linapokaribia kikomo, na kumwambia mpokeaji, si mtumaji peke yake, kwamba muamala umekataliwa na kwa nini. Benki Kuu ilifanye hilo kuwa sharti.