Nukta Zilizopanda Kibo

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,861,934 katika Mkoa wa Kilimanjaro. Mchoraji anayetaka kuonyesha wanakoishi hutumia ramani ya nukta, ambayo kila nukta husimama badala ya idadi fulani ya watu. Kompyuta humtawanyia nukta zote kwa dakika chache. Kasoro hujitokeza anapoikuza picha: nukta kadhaa zimekaa kwenye barafu ya Kibo, na nyingine zinaelea katikati ya Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Kompyuta imefanya ilichoambiwa. Imepewa mpaka wa wilaya na idadi ya watu, ikazimwaga nukta popote ndani ya mpaka huo, na mipaka ya wilaya haikomei penye nyumba ya mwisho. Inapanda hadi msituni na kuupita msitu.

Kasoro hii ni ya zamani. Mwaka 1830 Mfaransa Frère de Montizon alichora ramani ya nchi yake, nukta moja kwa watu 10,000, akazipanga kwa usawa ndani ya kila jimbo kana kwamba milima na mabonde vyote vina wakazi sawa. Clement Gillman, mhandisi aliyeizunguka sana Tanganyika, alikwenda mbali zaidi. Ramani yake ya watu ya mwaka 1936 ilionyesha jinsi makazi yalivyofuata maji, huku maeneo makubwa ya nchi yakibaki matupu.

Swali la kwanza la mchoraji ni thamani ya nukta, na jibu lake hutafutwa mahali penye msongamano mkubwa kuliko pote. Ramani ya mkoa huu ikichorwa kwa skeli ya 1:1,000,000 inaenea kwenye ukurasa wa jarida, na milimita moja ni kilometa moja. Nukta yenye kipenyo cha nusu milimita hufunika karibu sehemu ya tano ya milimita ya mraba. Sasa tuchukue kitongoji cha migombani, kwenye vihamba vya Wachaga, chenye tuseme watu 1,000 kwa kila kilometa ya mraba. Nukta ikibeba watu 200, nukta tano zitabanana ndani ya milimita moja ya mraba. Hapo wino umejaa, na msomaji hawezi tena kutofautisha watu 1,000 na watu 2,000.

Nukta ikibeba watu 5,000, mkoa mzima utapata nukta 372 tu, na vijiji vilivyotawanyika katika tambarare za Same vitapotea. Kwa watu 500, kitongoji kile kinapata nukta mbili kwa milimita ya mraba, ambazo zinaanza tu kugusana. Hapo ndipo pa kusimama. Mkoa unapata nukta 3,724, migombani panaonekana peusi, na tambarare bado ina chembe zake.

Kazi ya pili ni kuyatoa maeneo yasiyokaliwa, na hapa utaratibu ndio kila kitu. Wapo wanaotawanya nukta kwanza, kisha wanafuta zilizoangukia hifadhini. Kila nukta wanayofuta ni watu 500 waliohesabiwa na sasa hawapo popote. Njia sahihi ni kukata ardhi kwanza: Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, Mkomazi, misitu ya Milima ya Pare, Ziwa Jipe na bwawa. Katika programu ya QGIS kazi hiyo hufanywa na zana ya `Difference`. Idadi ya watu haiguswi. Nukta zote za wilaya husukumwa kwenye ardhi iliyobaki, na idadi yake hupatikana kwa fomula hii:

```
round("watu" / 500)
```

Lakini si kila eneo la hifadhi ni tupu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti makazi ya wananchi hayaruhusiwi, ilhali Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, jirani yake, lilianzishwa mwaka 1959 likiwa na wafugaji wa Kimasai ndani yake. Mchoraji anayekata kila penye rangi ya kijani atakuwa amewahamisha watu kwa kalamu. Picha za satelaiti zinazoonyesha nyumba na maboma humwambia kweli kuliko jina la hifadhi.

Mwisho nukta huhesabiwa. Zikipungua sana chini ya 3,724, mara nyingi mchoraji ametaka nukta ziachane kwa umbali mkubwa mno, na kwenye kata zilizobanana nyingine zimekosa nafasi. Tofauti ndogo hutokana na kukadiria: kata yenye watu 740 hupata nukta moja, na wale 240 waliobaki ni vyema wajumlishwe kwenye kata ya jirani kabla ya kugawanya.

Hata baada ya hapo, nukta iliyo peke yake huko Same haimaanishi kwamba pale ilipo pana nyumba. Inasema watu wapatao 500 wamo katika kata ile, na maelezo yaliyo chini ya ramani yanapaswa kumwambia msomaji hivyo.