Chuma Kinachotoka na Damu

Mtu anaweza kufika kwenye hema la kuchangia damu akiwa mzima kabisa, hana homa, ana nguvu za kubeba gunia, na bado akarudishwa nyumbani kwa sababu tone la damu yake limeelea. Wengi hukasirika. Wanaamini wamepimwa ugonjwa, kumbe kilichopimwa ni uzito wa damu.

Katika vituo vingi kipimo hicho hufanywa kwa kimiminika cha bluu, ambacho ni maji yaliyoyeyushiwa mrututu, ule ule ambao wakulima wa kahawa wanaufahamu kwa kunyunyizia mibuni. Maji hayo huandaliwa hadi mililita moja iwe na uzito wa gramu 1.053. Tone la damu likidondoshwa ndani, mrututu hulifunika kwa ngozi nyembamba, kwa hiyo kwa muda mfupi haliyeyuki. Likizama ndani ya sekunde 15, damu ni nzito kuliko yale maji, na hiyo ina maana kwamba himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa ya oksijeni, imefika gramu 12.5 au zaidi katika kila desilita. Likisitasita katikati au kurudi juu, haijafika.

Kipimo ni rahisi, lakini kina mitego yake. Mpimaji akikamua kidole sana, majimaji ya mwilini huchanganyika na damu, nayo inakuwa nyepesi kuliko ilivyo. Tone likiingia na kiputo cha hewa, litaelea hata kama damu ni nzuri. Maji yaliyokwisha kupokea matone mengi, au yaliyoachwa wazi yakapungua kwa joto, hayafai tena. Ndiyo maana mtu aliyefeli kwa mrututu huwa na haki ya kuomba apimwe upya kwa ile mashine ndogo inayotoa namba. Wapo wanaopita kwenye kipimo cha pili.

Kwa nini kiwango kiwe hapo? Mfuko wa kawaida huchukua mililita 450, karibu sehemu moja ya kumi ya damu ya mtu mzima. Mwenye 12.5 atashuka hadi karibu 11.3, na mtu mzima asiye na maradhi mengine huvumilia hilo. Aliyeanza na 10.5 angeingia kwenye upungufu wa damu ambao ungemfanya atweke akipanda ngazi. Halafu kuna mgonjwa upande wa pili: mama aliyetoka damu nyingi wakati wa kujifungua akitundikiwa mfuko wenye damu nyepesi, anapata maji mengi na himoglobini kidogo.

Jambo ambalo wachangiaji wengi hawalijui ni kwamba ukipimwa mara tu baada ya kuchangia, namba haibadiliki sana. Umepoteza maji ya damu na chembe nyekundu kwa pamoja, kwa hiyo uwiano wake umebaki ule ule. Himoglobini hushuka kesho na keshokutwa, mwili unapovuta maji kujaza mishipa. Kazi hiyo humalizika ndani ya siku moja au mbili, na ndiyo sababu ya wahudumu kusisitiza unywe vitu vya maji maji. Soda unayopewa inasaidia hapo tu. Haitengenezi chembe hata moja.

Chembe ni habari nyingine. Figo huhisi kwamba oksijeni inayofika imepungua, zikamwaga kwenye damu homoni iitwayo erithropoietini. Homoni hiyo hufika kwenye uboho, ndani ya mifupa, na kuuamuru uongeze uzalishaji. Chembe mpya huchukua takriban wiki moja kukomaa. Uboho wa mtu mzima hutengeneza chembe nyekundu kama bilioni 200 kila siku, na mfuko mmoja una zaidi ya trilioni mbili, yaani uzalishaji wa siku kumi hivi. Lakini zile bilioni 200 tayari zina kazi: zinaziba nafasi ya chembe zinazokufa, kwa kuwa chembe nyekundu huishi siku 120 tu. Pengo la mfuko linazibwa kwa ile ziada peke yake, ndiyo maana huchukua wiki kadhaa.

Na ziada hiyo inahitaji chuma. Kwa kawaida mwili haupotezi madini haya. Chembe ikizeeka, wengu na ini huivunja, chuma chake kikarudishwa kwenye uboho kutengeneza nyingine. Utumbo unaongeza miligramu moja au mbili tu kwa siku kutoka kwenye chakula, kufidia kinachopotea. Damu iliyoingia kwenye mfuko imetoka nje ya mzunguko huo moja kwa moja.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama mwenye himoglobini ya 13. Mfuko wake una gramu 58 na nusu za himoglobini, na kila gramu hubeba miligramu 3.4 za chuma. Ametoa miligramu karibu 200. Akiba ya wanawake wengi walio katika umri wa kuzaa ni kama miligramu 300, kwa hiyo uboho unakopa 200 na kubakiza 100. Tuseme utumbo wake, ukihisi akiba imeshuka, unaongeza bidii na kumpa faida ya miligramu moja na nusu kwa siku baada ya kutoa hasara ya hedhi. Baada ya siku 90 amerudisha 135. Baada ya siku 120 amefika 180, yaani amekaribia pale alipokuwa. Nchini Tanzania mwanamke husubiri miezi minne, mwanamume mitatu. Mwanamume hapati hedhi, na akiba yake inaweza kukaribia miligramu 1,000.

Hesabu hiyo ni ya mtu anayekula vizuri. Maharage na mchicha vina chuma, ila utumbo hukinyonya kwa shida kuliko cha nyama, maini au dagaa. Chai ya rangi inayoshushia chakula huzuia sehemu kubwa, ilhali chungwa au limau husaidia. Juisi ya rozela na ya kiazi chekundu zinasifiwa kwa kuongeza damu kwa sababu ya rangi yake, lakini rangi hiyo si himoglobini.

Nchini Uingereza watafiti waliwafuatilia wachangiaji zaidi ya 45,000 kwa miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Wengine walichangia kila baada ya wiki 12 kwa wanaume na 16 kwa wanawake, karibu sawa na utaratibu wa Tanzania. Wengine walifupishiwa muda, wanaume hadi wiki nane na wanawake hadi 12. Damu iliyopatikana iliongezeka. Pamoja nayo, akiba za chuma zilishuka, waliorudishwa kwa himoglobini ndogo waliongezeka, na hasa wanaume walilalamikia uchovu, kizunguzungu na miguu isiyotulia usiku.

Hapa ndipo tone linaposhindwa. Mwili huilinda himoglobini kwanza na kukausha akiba, hivyo mchangiaji wa mara kwa mara anaweza kuzamisha tone huku akiba imebaki masalia. Akiba hupimwa kwa kipimo cha damu cha feritini, ambacho mezani pa kuchangia kwa kawaida hakipo. Kwa hiyo mchangiaji wa kila msimu anayejiona mchovu bila sababu, au aliyeanza kutamani barafu au udongo wa kula, amweleze mhudumu kabla ya kunyoosha mkono, hata kama tone lake limezama vizuri.