Bei ya siku ya kwanza huamuliwa na mgao

Hisa za kampuni mpya zinapopanda bei siku ya kwanza ya kuuzwa sokoni, habari hufika upesi hadi Mjimwema, hapa Songea, na tafsiri yake huwa moja: kampuni ni nzuri, na waliowahi wametajirika. Naipinga tafsiri hiyo. Bei ya siku ya kwanza hueleza namna hisa zilivyogawanywa kuliko inavyoeleza thamani ya kampuni, na sababu yake ni utaratibu wenyewe wa kuuza. Katika matoleo mengi ya awali Afrika Mashariki, kampuni na washauri wake hukadiria faida ijayo, hujilinganisha na kampuni zinazofanana nayo, hupunguza kidogo ili kuvutia wanunuzi, kisha huchapisha bei moja katika waraka wa matarajio. Bei hiyo haibadiliki kwa wiki zote za mauzo. Waombaji wakizidi, kinachopunguzwa ni idadi ya hisa ambazo kila mmoja anapewa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Safaricom. Machi 2008 serikali ya Kenya ilianza kuuza hisa bilioni 10, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, na Mkenya wa kawaida akapata takriban asilimia 21 ya alichoomba. Biashara ilipofunguliwa tarehe 9 Juni, bei ilipita shilingi 7. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba watu na taasisi walikuwa wamebaki na kiu, nao wakakutana na wauzaji wachache waliotaka kutoka haraka, wakiwemo waliokopa benki ili waombe. Hisa iliyokuwa haijawahi kuuzwa sokoni haikuwa na bei ya jana ya kuwaongoza, hivyo kila oda kubwa kidogo iliisukuma huku au kule.

Faida iliyosifiwa nayo hupungua ukiipigia hesabu. Tuseme mtu alikopa shilingi 50,000 akaomba hisa 10,000. Kwa mgao wa asilimia 21 alipata hisa 2,100 zenye thamani ya shilingi 10,500, na fedha zilizobaki alirudishiwa baadaye. Akiuza kwa shilingi 7, anapata faida ya shilingi 4,200. Kwa hisa alizopewa hiyo ni asilimia 40, lakini kwa fedha zote alizozifunga haifiki hata asilimia 9. Mkopo ukiwa wa riba ya asilimia 15 kwa mwaka na ukakaa miezi mitatu, riba pekee ni shilingi 1,875, kabla ya kamisheni ya dalali.

Wapo wanaosema kupanda kule kulithibitisha kwamba serikali iliuza kwa bei ya kutupa na kupoteza shilingi 2 kwa kila hisa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inazidisha bei ya hisa chache zilizobadilishana mikono kwa hisa bilioni 10. Zote zingeletwa sokoni asubuhi moja, bei ya 7 isingesimama. Tena wawekezaji wa kigeni, ambao waliulizwa kwanza wako tayari kulipa kiasi gani, waliishia kwenye shilingi 5.50. Kweli, mnunuzi hana sababu ya kutaja bei kubwa, ila hata hivyo 5.50 iko karibu zaidi na 5 kuliko na 7. Kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa chini ya 5. Msukosuko wa fedha duniani ulichangia sana katika kushuka huko, nami sikatai. Lakini hauwezi kueleza kupanda kwa Juni.

Hapa nyumbani, toleo la Vodacom Tanzania la mwaka 2017 lilikwenda kinyume. Hisa milioni 560 ziliuzwa kwa shilingi 850, mwanzoni kwa Watanzania peke yao. Muda wa kuomba ukaongezwa, kisha wageni wakaruhusiwa ili hisa zimalizike, na biashara ikaanza Agosti 15. Hapo hapakuwa na kiu ya kusukuma bei kama ya Nairobi. Mtu wa Mjimwema anayeomba kila toleo anapaswa kuiona tofauti hii, kwa sababu inamgusa moja kwa moja: toleo linalogombewa humpa sehemu ndogo ya alichoomba, na lile ambalo wenye taarifa nyingi wamelikwepa humpa chote. Faida yake ya wastani kwa hiyo huwa ndogo kuliko inayosomwa magazetini, hata kama bei zote zimeripotiwa kwa usahihi. Ndiyo maana tangazo la mgao, linalotoka siku chache kabla ya biashara kuanza, linastahili kusomwa kwa makini kuliko bei ya kufunga ya siku ya kwanza: humo ndimo inapoonekana nani alikatwa, nani alipewa kamili, na ni nani sasa atalazimika kununua au kuuza.