Ubavu wa Nyumba Huuzika Kuliko Uso Wake

Mwenye nyumba ya kando ya lami akisikia kwamba ukuta unaweza kumwingizia kodi, hukimbilia kutazama upande wa mbele, penye baraza na mlango wa duka. Upande huo mara nyingi ndio wenye thamani ndogo. Ukuta wa mbele umelala sambamba na barabara, hivyo abiria huuona sawasawa pale tu anapokuwa mkabala nao, na akishaukazia macho gari limeshapita. Ubavu wa nyumba, kama jirani hajajenga, umesimama mbele ya magari yanayokuja. Dereva na abiria huuona tangu mbali bila kugeuza shingo.

Mnunuzi wa tangazo halipii matofali. Analipia muda ambao macho ya watu yatakaa kwenye jina lake, na muda huo unapimika. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata kama mita 14 kila sekunde. Ubavu unaoonekana kuanzia mita 60 unampa msomaji sekunde nne, nazo haziishi zote kwenye ukuta. Mbele kuna bodaboda na tuta. Sekunde hizo zinatosha maneno matano au sita. Kituoni ni habari nyingine, maana mtu anaweza kusubiri daladala dakika ishirini akasoma hata orodha ya bei. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, jua ukuta wako unasomwa na anayepita au anayesimama.

Kisha jua msomaji anaelekea wapi. Nchini Tanzania tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo ukuta ulio kushoto mwa anayetoka mjini uko karibu zaidi na watu wanaorudi nyumbani. Kwenye njia kama ya Gongo la Mboto, watu hao jioni wako kwenye foleni, na ndio watakaonunua nyama, mkaa, dawa ya mswaki na bati. Ng'ambo ya pili husomwa asubuhi na watu wanaowahi kazini. Mwenye bucha akikuuliza kwa nini pande hizi mbili zina bei tofauti, hilo ndilo jibu lake.

Idadi nayo usiikisie. Kaa hapo robo saa asubuhi, robo saa mchana na robo saa jioni, uhesabu vyombo peke yake na watembea kwa miguu peke yao, kila hesabu uizidishe kwa nne upate ya saa nzima. Daftari lenye hesabu hizo lina nguvu kuliko maneno "hapa panapita watu wengi", ambayo kila mwenye ukuta huyasema.

Tuseme una ubavu wa mita 4 kwa 2.5, na mita 200 mbele yake kuna duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka atataka jina la kampuni, orodha ya bidhaa, namba mbili za simu, na pengine picha yake mwenyewe. Mkatalie kwa heshima. Herufi ya kimo cha sentimita 30 husomeka bila kukaza macho kutoka mita 30 na ushei, na kwa kubahatisha kutoka mbali zaidi. Ukuta wa mita 4, ukiacha pambizo, unabeba herufi kumi na tano au kumi na sita za kimo hicho kwa mstari. Basi andika MBAO, BATI, chini yake MITA 200 MBELE, chini yake KUSHOTO pamoja na mshale. Namba ya simu haina kazi kwa dereva, ila kwenye ukuta wa kituoni ni lazima. Waganga wanaobandika karatasi kwenye nguzo za umeme wanalijua hilo vizuri kuliko makampuni mengi: tatizo moja, namba moja, mahali watu wanaposimama.

Rangi ni mahali ambapo biashara hii huharibika mapema. Ukuta wa chokaa ukipakwa rangi ya mafuta juu kwa juu, rangi itabanduka pamoja na chokaa. Bandika selotepu, ivute kwa nguvu. Ikitoka na unga au magamba, sugua mpaka ufike kwenye lipu imara, kisha anza na rangi ya msingi. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, na lipu yenye kukwaruza hunywa zaidi. Hivyo ukuta wetu, kwa mkono wa msingi na miwili ya juu, unahitaji jumla ya lita 4 hivi. Nusu mita ya chini usiiuze. Hapo ndipo unyevu hupanda, tope la masika hurukia, na watu huegemeza migongo.

Bei nayo anza kuitafuta kwa mnunuzi. Muulize mteja mmoja mpya humwachia faida kiasi gani. Akisema shilingi 8,000, basi kodi ya 40,000 kwa mwezi inajilipa kwa wateja watano. Akiona watano ni wengi, shusha bei au tafuta mfanyabiashara mwingine. Usimlazimishe, maana hatarudia. Gharama ya rangi na fundi iandikwe kando na kodi, isije ikamezwa humo. Kwa ukuta wa kituoni, mshauri mnunuzi asajili laini ya simu ambayo haipo kwenye tangazo jingine lolote. Kila anayepiga laini hiyo ametoka ukutani kwako, na mwisho wa miezi sita mtajadili bei mkiwa na ushahidi.

Makampuni makubwa ya soda na simu hutumia mbinu ya kupaka duka zima rangi yao bure, na mwenye duka hufurahi kwa kuwa limependeza. Amewapa kuta tatu kwa thamani ya makopo ya rangi, na jina lake limebaki kwenye kona kwa herufi ndogo. Si lazima kukataa. Wape uso wa duka, uzuie ubavu, na mwandikiane muda.

Kabla ya kupokea hela, hakikisha ukuta ni wako kuuuza. Mpangaji wa fremu hana mamlaka juu ya ukuta wa nje bila mwenye nyumba. Angalia pia hifadhi ya barabara: kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, kwenye barabara kuu na za mikoa hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba yenye alama nyekundu ya X usiikodishe kwa mwaka mzima. Halafu nenda halmashauri ukaulize kibali na ada ya tangazo, ambayo kwa kawaida hupigwa kwa ukubwa wa eneo. Mkataba useme nani analipa, la sivyo watakaokuja kudai watamkuta mwenye ukuta.

Si kuta tu zinazouzika; vyombo vya kutembea navyo hubeba tangazo, ila vina shida moja, nayo ni kuthibitisha vimepita wapi. Mkokoteni wa maji unaozunguka mitaa ileile kila siku unauzika kwa saluni ya mtaa huo. Wa kubeba mizigo popote hauuziki kwa bei ya maana. Kwenye bajaji uza mgongo, kwa sababu walio nyuma yake kwenye foleni hawana kingine cha kutazama. Daladala lina ufito wa rangi ya njia na namba za usajili, na tangazo lisifunike hata kimoja; waulize LATRA kabla ya kubandika stika.

Mkataba wa ukuta uwe na vifungu viwili ambavyo watu husahau. Kimoja ni kwamba jirani akijenga akauziba ubavu, kodi ya miezi iliyobaki inarudishwa. Kingine kinamtaja atakayepaka ukuta upya muda ukiisha. Bila hicho, mnunuzi aliyeacha kulipa ataendelea kutangaziwa bure mpaka utoe hela yako mwenyewe ya kopo jingine.