Agizo la malipo linapogoma kila mwezi

Mwalimu mmoja wa shule binafsi alinijia na taarifa ya benki ya miezi minne. Alikuwa ameiagiza benki yake ipeleke shilingi 150,000 SACCOS kila tarehe 25, lakini mara tatu fedha hazikwenda. "Mshahara unaingia tarehe hiyohiyo," akasema, "sasa kosa liko wapi?"

Kosa lilikuwa kwenye saa. Mshahara wake huingia mchana, ilhali mfumo wa benki yake hupitia maagizo alfajiri. Mwezi wa kwanza alfajiri hiyo ilimkuta na salio la 151,200. Ukitazama harakaharaka utasema zinatosha. Ila akaunti yake hairuhusiwi kushuka chini ya 5,000, na kila agizo lina ada ya 2,000, kwa hiyo alihitaji 157,000. Agizo la namna hii halilipi nusunusu: likipungukiwa hata shilingi moja, haliendi kabisa. Juu ya hapo alikatwa faini ya agizo lililokwama, na salio likazidi kupungua.

Mbona basi mwezi mmoja lilipita? Tarehe 25 iliangukia Jumapili. Mwajiri alilipa Ijumaa, agizo likasogezwa hadi Jumatatu, likakuta mshahara umeshaingia. Bahati hiyo ndiyo iliyomfanya aamini kwamba tatizo ni mtandao.

Dawa haikuwa kuongeza fedha, bali kusogeza tarehe hadi 28. Uliza pia kama benki yako hujaribu tena siku zinazofuata. Nyingine husubiri mpaka mwezi ujao.

Ukiona fedha zimetoka kisha zimerudi baada ya siku moja au mbili, hapo salio halina kosa. Mara nyingi mpokeaji amebadilisha au amefunga akaunti, au namba iliandikwa vibaya. Agizo haliwezi kumfuata alikohamia; ni lazima ulifute na kuandika jipya.

Makato ya bima ni habari nyingine. Pale si wewe unayetuma: kampuni ndiyo inayoomba fedha kwenye benki yako, kwa idhini uliyotia saini. Idhini hiyo inaweza kuwa na kikomo cha kiasi na tarehe ya mwisho. Ukiruhusu 40,000, kisha bima ikapanda hadi 43,000, ombi linaweza kukataliwa hata kama akaunti ina milioni. Saini isiyofanana na ile iliyo benki, au namba ya bima iliyokosewa, nayo huleta matokeo hayohayo. Waombe watu wa kampuni wakuonyeshe sababu ya kukataliwa, kwani benki huirudisha kwao pamoja na ombi. Kisha jaza idhini mpya.

Mwalimu wangu sasa analipa bila kukwama. Lakini SACCOS walikuwa wameshamwandikia adhabu ya kuchelewesha marejesho matatu, na adhabu hiyo aliilipa yeye mwenyewe.