Andika Ulichokiona, Hukumu Isubiri

Chukua mfano wa faili moja la madai ya gari jijini Dar es Salaam. Stika ya kielektroniki kwenye mfumo wa TIRA inaonyesha bima ilianza tarehe 3 Machi. Kwenye fomu, mteja ameandika kwamba ajali ilitokea tarehe 9. Ila picha ya bampa lililovunjika, ukifungua taarifa zake, inaonyesha ilipigwa tarehe 27 Februari.

Ofisa madai akiona hivyo, mkono humwasha kuandika: «Huyu anatudanganya, gari liligongwa kabla ya bima.» Barua pepe ya mkuu wa kitengo kwa maofisa wake inapaswa kumzuia hapo hapo, kwa sababu tarehe ya picha haithibitishi kitu peke yake. Huenda simu ina tarehe mbaya. Huenda ni picha ya zamani iliyochanganywa na fundi wa gereji, au gari liligongwa mara mbili.

Kwa hiyo maelekezo yawe mepesi kufuata. Ofisa aandike alichokiona na mahali alipokiona: «Picha ya pili ina tarehe 27 Februari, bima ilianza 3 Machi, mteja anasema ajali ni 9 Machi. Naomba ichunguzwe.» Aitume kwa kitengo cha uchunguzi peke yake, bila nakala kwa wakala, gereji wala wenzake wa meza ya jirani. Maneno kama «mwizi» yasiandikwe hata kwenye maelezo ya ndani ya faili, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mteja haki ya kuomba kuona taarifa zake. Na kabila lake, mtaa anakoishi au namna alivyoongea kwa hasira si sababu ya kumtilia shaka.

Mteja akipiga simu, ambiwe ukweli unaotosha: madai yake bado yanakaguliwa, picha halisi kutoka kwenye simu inahitajika, na jibu litatoka lini. Asidanganywe kwamba mtandao unasumbua. Wala asizungushwe kwa kudaiwa karatasi mpya kila wiki hadi achoke. Huko ni kumnyima fidia kwa mlango wa nyuma, na kwangu ni kosa kubwa kuliko neno kali.

Mchunguzi humuuliza mteja swali la wazi, «Tueleze picha hii ilipigwa lini na nani,» kisha hulinganisha jibu na ripoti ya polisi na gari lenyewe. Ushahidi ukisimama, madai hukataliwa kwa barua yenye sababu, na mteja huelezwa kwamba anaweza kulalamika kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Shaka likiondoka, alipwe, na faili liandikwe «limechunguzwa, halikuthibitika», ili ofisa atakayepokea madai yake ya mwakani asianze na alama nyekundu iliyosahaulika kufutwa.