Goma: « Volkano ya Nyiragongo », lakini ya mwaka gani?

Filme nyingi za historia juu ya mji wa Goma zina maelezo ya mstari mmoja tu: volkano ya Nyiragongo. Volkano ipi? Lava ilishuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, kisha tarehe 22 Mei 2021. Anayeandika « Januari » peke yake anamupoteza mwanafunzi.

Picha zenyewe zinasaidia kuhakikisha. Mwaka 2002 lava ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Mwaka 2021 ilisimama mbele ya kufika uwanjani.

Kwa filme ya 1977, maelezo yataje pia « Zaire » na « Kivu » bila Kaskazini, kwani ndivyo nchi na jimbo viliitwa, na ndivyo magazeti ya wakati ule yalivyoandika. Kisha ifuate nani alipiga picha, siku gani, na wakaaji walihojiwa mwaka gani. Mzee aliyesimulia miaka 40 baadaye, na ripoti iliyoandikwa wiki ileile, ni vyanzo viwili tofauti. Kila kimoja kipate tarehe yake.